Kundi la wazazi linawaka moto, na hakuna aliyepiga simu shuleni

*Shikamoo Shangazi,*

*Mimi ni mama wa watoto wawili na ndiye admini wa kundi la wazazi wa darasa la nne. Leo saa mbili usiku mzazi mmoja ameweka ujumbe alioupata kwingine, eti mwalimu wetu mpya wa hisabati aliondolewa shule aliyotoka kwa sababu alimvunja mtoto mkono. Shule yenyewe haikutajwa, wala mwaka. Kufika saa nne tulikuwa na jumbe zaidi ya 180. Nusu ya wazazi wanataka kesho asubuhi twende kwa mkuu wa shule tukiwa wengi na mwalimu asiingie darasani. Nusu nyingine wanasema tunamchafulia mtu jina. Mama mmoja aliyeuliza "nani ana uhakika?" aliambiwa kama hana uchungu na mwanawe anyamaze. Ametoka kwenye kundi, na amenipigia analia. Baba mwingine amepata picha ya mwalimu, ameiweka.*

*Nimefikiria kufuta kila kitu. Nimefikiria kulifunga kundi kabisa. Mwanangu nimemwamsha nikamuuliza kama mwalimu huyo anawapiga, akasema ndiyo. Sasa hata mimi sijui niamini nini. Nifanye nini kabla ya asubuhi?*

*Admini aliyekosa usingizi*

Marahaba, mwanangu. Barua hii niliijibu usiku uleule ilipofika, na kwa ruhusa yako naiweka hapa baada ya kubadilisha mambo mawili matatu ili msitambulike.

Naanza na lisiloweza kungoja: ile picha. Itoe sasa hivi, kabla hujaendelea kusoma. Admini anaweza kufuta ujumbe wa mtu mwingine ukaondoka kwa wote. Maneno yakiwa ya uongo mtu anaweza kuyakanusha kwa maneno, lakini sura ya mtu ikishahifadhiwa kwenye simu za watu arobaini huna namna ya kuirudisha. Ukishaitoa, andika sentensi moja kwamba wewe ndiye uliyeitoa na kwa nini. Jumbe nyingine ziache zilivyo kwanza. Ukifuta kimyakimya usiku huu, kesho habari itakuwa kwamba admini anaifichia shule, na utakuwa umezaa uvumi wa pili. Halafu ule ujumbe wa kwanza utauhitaji, nitakwambia kwa kazi gani.

Sasa kaa nikusimulie jambo. Nimewahi kuwa ndani ya moto kama huo, na kuni nyingine nilizipeleka mwenyewe.

Nina wajukuu wawili shule moja, mmoja darasa la kwanza na mwingine darasa la tatu, kwa hiyo nilikuwa katika makundi mawili ya wazazi. Siku ya Jumatano, baada ya watoto kurudi nyumbani, mama mmoja wa darasa la kwanza aliandika hivi: "Jamani, mwanangu anasema mchana ameona mtoto analia akipandishwa gari pale getini. Kuna anayejua ni nani?"

Usome tena ujumbe huo. Mimi nimeusoma mara nyingi tangu siku ile na sijauona kosa. Unasema aliyeona ni nani, alionea wapi, na wakati gani. Mwishoni kuna swali. Yule mama alikuwa anauliza tu.

Mimi nikaupeleka kwenye kundi la darasa la tatu. Nilikuwa natoka, nina haraka, nikauandika upya kwa mkono: "Kuna mtoto amepandishwa gari getini mchana huu akilia. Tuwe macho." Hakuna neno la uongo hapo. Lakini angalia nilichokiacha njiani. Nimeliacha "mwanangu anasema", kwa hiyo shahidi hayupo tena, na msomaji hawezi kujua kwamba haya yametoka kwa mtoto wa miaka sita. Na lile swali nalo nimeliacha. Kilichobaki ni taarifa, na taarifa inayokuja na "tuwe macho" kila mtu anajua inahusu nini, hata kama haijasema.

Kule darasa la tatu mzazi mmoja akakumbuka kuona gari jeupe limeegeshwa nje ya ukuta. Mwingine akakumbuka kwamba Jumatatu kuna mtoto alitafutwa nusu saa nzima, akaja kupatikana maktaba. Mambo matatu yasiyojuana yakafungwa kamba moja, na baada ya saa moja hivi ujumbe ukarudi kwetu darasa la kwanza ukiwa na ule mshale mdogo wa kupelekwa mbele: "Mtoto wa PILI wiki hii. Gari jeupe. Shule inaficha."

Hapo ndipo kundi lilipolipuka. Mtu akaandika, "Mmeona? Hata darasa la tatu wanasema!" Neno lilitoka mlangoni mwetu, likazunguka nyumba, likarudi kwa dirishani, na sisi tukalipokea kama mgeni aliyekuja kutuletea ushahidi. Katika mambo yote ya usiku ule, hili ndilo ninalotaka ulijue vizuri, kwa sababu hata watu makini huwapata. Ukisikia jambo mara tatu unahisi una mashahidi watatu. Huenda una shahidi mmoja na mwangwi wake mara mbili. Namna ya kutambua ni kuangalia maneno yenyewe. Watu watatu walioona kitu kimoja kwa macho yao hutofautiana: mmoja atasema gari dogo, mwingine atataja rangi, wa tatu atakumbuka sare ya mtoto. Watu watatu waliosoma ujumbe mmoja watakupa maneno yaleyale, na hakuna atakayeweza kuongeza kitu ukimuuliza.

Ule mshale nao hausaidii sana. Mshale mmoja unakwambia tu kwamba ujumbe umetoka mahali pengine. Mishale miwili kwenye WhatsApp ina maana umeshapelekwa mbele mara tano au zaidi tangu kwa mwandishi wa kwanza. Haukwambii kama ni kweli. Na mtu akinakili maneno na kuyabandika, au akiyaandika upya kama nilivyofanya mimi, mshale hautokei, na habari iliyotembea mji mzima inaonekana kama imeandikwa sasa hivi na jirani yako.

Basi tukagombana, kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi karibu na saa tano usiku. Kulikuwa na waliotaka mlinzi wa geti afukuzwe kesho yake, na waliosema tungoje tusikie shule itasema nini. Ukiyasoma mabishano yale leo utashangaa, maana baada ya dakika ishirini za kwanza hakuna tena anayeongelea gari wala mtoto. Tulikuwa tunabishania nani anawapenda watoto na nani hawapendi. Anayeuliza "una uhakika?" anasikika kama anasema "mwanao hana thamani", na anayesema "twende kesho wote" anasikika kama mzazi wa kweli. Watu wapole ninaowafahamu waliandika mambo ambayo wasingeyasema uso kwa uso. Baba mmoja, mweka hazina wetu, mtu wa heshima zake, alimwita mwenzake kibaraka wa shule.

Mwaka 1947 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Gordon Allport na Leo Postman, waliandika kwamba nguvu ya uvumi hutokana na mambo mawili: uzito wa jambo kwa watu, na giza lililolizunguka. Walisema mambo hayo yanazidishana, hayajumlishwi. Tofauti hiyo ina maana kubwa, kwa sababu ukizidisha kwa sifuri unapata sifuri. Uzito hatukuwa na uwezo wa kuupunguza, mtoto ni mtoto. Giza tuliweza. Ofisi ya shule ilikuwa na simu. Baadaye tulipoulizana nani alipiga, ikaonekana katika watu hamsini na kitu hakuna hata mmoja aliyepiga. Kila mmoja alidhani mwenzake ameshapiga, kwa sababu watu wenye hasira kiasi kile lazima wawe wameshauliza.

Kuna mama tuliyemzoea kwa jina la Mama Pacha. Saa mbili usiku aliwaita pacha wake akawauliza, "Mliliona gari jeupe?" Wakasema ndiyo. "Kulikuwa na mwanaume?" Ndiyo. "Alikuwa amevaa kofia?" Wakatazamana, wakasema ndiyo. Akaja kutuandikia kwa mikono inayotetemeka kwamba watoto wake wameona kila kitu, na kwamba mwanaume alivaa kofia. Hapo hata waliokuwa wanasema tungoje wakanyamaza. Kesho yake mwalimu wa darasa alitueleza kwamba saa ile wale pacha walikuwa uwanja wa nyuma na wenzao, mahali ambapo geti halionekani kabisa.

Wale watoto hawakudanganya. Mwaka 2006 watafiti wakiongozwa na Gabrielle Principe walichapisha jaribio walilolifanya kwa watoto wa shule ya awali. Mwanamazingaombwe alikuja shuleni, akajaribu kumtoa sungura kwenye kofia, akashindwa. Baadhi ya watoto walipangiwa wasikie watu wazima wakizungumza pembeni kwamba sungura ametoroka na yumo humo shuleni. Wengine hawakusikia mazungumzo hayo, ila walikuwa darasa moja na waliosikia. Sungura hakutoroka. Hata hivyo, watoto walipohojiwa baadaye, wengi wa makundi yote mawili walisimulia kutoroka kwake, na wapo waliosema walimwona kwa macho yao. Mtoto akishasikia habari kwa watu anaowaamini huijengea picha kichwani, na picha hiyo yeye huiona kuwa kumbukumbu. Ukimpa na kofia, anamvika.

Aliyetutoa gizani alikuwa babu mmoja anayemlea mjukuu wake. Yeye kuandika kwenye simu kunamchosha, kwa hiyo usiku wote hakusema neno, na wapo waliomhesabu miongoni mwa wasiojali. Asubuhi alifika getini kabla ya kengele. Hakumuuliza mlinzi "mbona mnaruhusu watoto waibwe?", kama walivyomuuliza wawili waliomtangulia. Alimuuliza: "Jana, kati ya saa sita na saa nane mchana, kuna mtoto aliyetolewa hapa kabla ya muda wa kutoka?"

Mlinzi akafungua daftari la geti. Mstari ulikuwa mmoja tu kwa muda huo. Saa saba kasoro dakika kumi, mtoto wa darasa la kwanza, amechukuliwa na mjomba wake, jina, namba ya kitambulisho, sahihi, na ruhusa ya maandishi ya mama yake imebanwa kwa pini. Sababu: daktari wa meno. Babu akaenda kwa mwalimu mkuu msaidizi, naye akampigia mama wa mtoto ili kumwomba ruhusa ya kulieleza kundi bila kumtaja mtu. Kazi yote haikuzidi nusu saa. Gari lilikuwa la kijivu. Kofia haikuwepo. Mtoto alilia kwa sababu siku hiyo ilikuwa zamu yao ya kuchora kwa rangi na alikuwa ameingoja wiki nzima.

Sasa sikia sehemu inayoniuma. Mama wa yule mtoto alikuwemo kwenye kundi. Usiku ule alikuwemo, anasoma. Aliandika hata yeye, saa tatu usiku: "Mungu atulindie watoto wetu." Hakujua kwamba anayelindiwa ni wake. Alichelewa kufungua simu, na alipoifungua habari ilikuwa mtoto wa pili, gari jeupe, mwanaume mwenye kofia. Angejijuaje hapo? Lau mtu mmoja, mimi kwa mfano, angeandika "nani alimchukua mwanawe mapema leo?", angejibu kabla chai haijapoa. Jibu tulikuwa nalo sebuleni tangu mwanzo, ila kila tulipoongeza maelezo tuliusukuma mbali zaidi mlango wa kulifikia.

Rudi sasa kwenye lako. Swali lililokuwa kwa yule mama aliyetoka kwenye kundi ni zuri, lakini ni pana. "Nani ana uhakika?" huwalazimisha watu kujitetea. Wewe mfuate yule mzazi aliyeweka ujumbe, faraghani, wala si mbele ya wenzake, umuulize: "Huu ulikujia kutoka kwa nani?" Ndiyo maana nilikuomba usiufute. Faraghani mtu husema ukweli bila kupoteza uso. Akikutajia mtu, nenda kwa huyo na swali lilelile. Uzoefu wangu ni kwamba hatua ya pili au ya tatu unakutana na mmoja wa watu wawili. Ama utampata anayesema "mimi mwenyewe nilikuwepo, ilikuwa shule fulani, mwaka fulani", au utampata anayeshangaa, "kwani mimi nilisema hivyo? Mimi niliuliza tu." Usiku huu huenda usifike mwisho wa kamba. Si neno. Unatafuta mambo mawili tu, jina la shule na mwaka, kwa sababu bila hayo mkuu wa shule hana pa kuanzia kuchunguza hata akitaka.

Halafu kundi. Usilifunge moja kwa moja, watu watakwenda kuzozana kwingine ambako hutawasikia. Liweke kwenye mpangilio wa admini pekee kuandika, kwa usiku mmoja, na uandike kitu kama hiki:

"Wapendwa wazazi, tulicho nacho hadi sasa ni ujumbe mmoja usio na jina la shule wala mwaka. Hatuna mtu aliyesema ameona. Kesho saa moja na nusu asubuhi mimi na wazazi wengine wawili tutakuwa kwa mkuu wa shule. Saa nne nitaandika hapa alichotujibu. Kama hajajibu, nitaandika kwamba hajajibu. Mwenye jambo lililompata mwanawe mwenyewe anipigie usiku huu, saa yoyote."

Ule muda wa saa nne ndio kiungo chake. Watu huweza kungoja wakijua wanangoja hadi lini. Nawe hiyo saa nne iheshimu hata kama huna jipya la kusema, kwa sababu ukichelewa dakika arobaini watazijaza wenyewe. Hao wawili wa kwenda nao, mmoja mchukue upande wa waliotaka kuandamana. Jibu akilisikia kwa masikio yake, wenzake watamwamini yeye kuliko wewe.

Kwa mkuu wa shule usiingie na "tumesikia mwalimu anavunja watoto mikono". Huwezi kujibiwa hivyo, na mkuu yeyote atajikinga. Faili la mtumishi hawezi kukufungulia, na haifai akufungulie. Lakini yapo maswali anayoweza kuyajibu bila kuvunja siri ya mtu. Je, kabla ya kumwajiri, shule iliwasiliana na alikotoka, na aliyewasiliana ni nani? Je, tangu aanze kazi hapa kuna malalamiko yoyote yaliyoandikwa? Je, mzazi mwenye malalamiko anayapeleka kwa nani, na anajibiwa ndani ya siku ngapi? Ukiambiwa "tuliongea na mkuu wake wa zamani na hatukupewa onyo lolote", una kitu cha kuwapelekea wazazi. Ukiambiwa "hatukuuliza", una kitu pia, tena kizito, na hapo ndipo pa kuisimamia shule mpaka iulize. Safari hii utaisimamia kwa jambo lililothibitika.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba habari hii ni ya uongo. Mimi sijui, nawe hujui. Zipo shule zilizopuuza minong'ono iliyokuwa kweli. Ndiyo maana nimetaka mwenye jambo lililompata mwanawe akupigie usiku huuhuu. Akitokea mmoja, hilo limeshaacha kuwa la kundi. Mzazi huyo aandike maneno ya mtoto kama mtoto alivyoyasema, na tarehe. Asimhoji tena na tena. Alipeleke kwa mkuu wa shule, na kama kuna jeraha au hofu ya kweli basi aende na kwa vyombo vya kulinda watoto, bila kungoja saa nne ya mtu.

Na mwanao. Ulimwamsha usingizini ukamuuliza kama mwalimu anapiga, akasema ndiyo. Wa kwako ni mkubwa kuliko wale wa sungura, na watoto wakubwa hawayumbishwi kirahisi kiasi kile. Lakini mtoto aliyeamshwa na mama mwenye sauti ya wasiwasi anajua jibu gani linangojewa. Usimrudie kwa swali lilelile wala usimwambie alidanganya. Kesho mkiwa njiani, mwambie tu: "Nisimulie kipindi cha hisabati huwa kinakwendaje." Kisha unyamaze. Kunyamaza ndiyo kazi ngumu. Akikusimulia kupigwa kwa maneno yake, na anayemwelezea ana jina, na kuna siku, na mahali alipokuwa amekaa, una jambo la kupeleka. Akikusimulia majedwali ya kuzidisha na kwamba mwalimu anafoka, unajua ile "ndiyo" yake ilikuwa ya kitu gani.

Ukishapata jibu, liwe lolote, lipeleke kila mahali uvumi ulipofika. Hili sisi tulilikosea. Babu aliandika ujumbe mzuri darasa la kwanza, na watu wakajibu "asante Babu", wengine wakafuta walichokiandika, mweka hazina akaomba radhi kwa mstari mmoja. Darasa la tatu hakuna aliyepeleka. Mimi ndiye niliyeutoa uvumi kule, na mimi nilidhani wamesikia. Wiki iliyofuata mama mmoja wa kule aliniuliza kwa sauti ya chini kama yule mtoto wa pili ameshapatikana. Nikapeleka ujumbe siku hiyo, nikasema niliyeuanzisha hapo ni mimi, na nikaenda getini. Mlinzi alikuwa amerekodiwa video asubuhi ile na mzazi aliyekuwa akimtukana, mbele ya watoto anaowafungulia geti kila siku. Nilimwambia nimekuja kuomba radhi. Akanisikiliza, akasema sawa mama, kisha akanisogezea daftari nisaini kama mgeni mwingine yeyote.

Mwalimu wako naye ana simu, na kwa jumbe 180 usidhani hajaonyeshwa. Kama jibu la saa nne linamsafisha, waliomsema kwenye kundi ndio wa kumfuata ana kwa ana, wakianza na yule baba wa picha.

Bado yule mama aliyetoka analia. Usimwongeze tena kwenye kundi kimyakimya, ukadhani yamekwisha. Mpigie kabla hujalala, umwambie kesho saa moja na nusu unaenda kwa mkuu wa shule na nafasi moja bado haina mtu.

Shangazi